Jina lako na dizaini yako ni mali mbili tofauti: mambo ya tredimaki kwa sisi wa leso na vikoi

Kama una leso ya zamani ndani, ya mama au ya nyanya, itoe uiangalie ukingoni, pale nje ya pindo. Kuna uwezekano mkubwa utakuta pamechapwa herufi ndogo K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Hiyo ni alama ya Kaderdina Hajee Essak, wenye duka la leso la Biashara Street hapa Mombasa ambao walianza biashara tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo watu wakinunua leso wanaifunua kwanza waone kama ile alama ipo. Mimi huwa nawaonyesha washonaji wenzangu leso hiyo kabla sijaanza kuongea maneno ya sheria, manake kwenye kitambaa kimoja una vitu viwili vinavyoweza kuibiwa kwa njia mbili tofauti. Kuna ile alama inayosema mali hii imetoka kwa nani, halafu kuna mchoro wenyewe, lile pindo na ule mji na rangi zake. Mtu anaweza kukuibia jina akabandika kwenye kitambaa chake kibovu, na mwengine anaweza kukuibia mchoro akaweka jina lake mwenyewe, na dawa ya huyu siyo dawa ya yule.

Mimi nashona mikoba na magauni ya kikoi, na kwenye grupu zetu za WhatsApp hakupiti muda bila mtu kuandika kwamba dizaini yake imekopiwa, au kuna duka limefunguliwa mtaa wa pili na jina linalofanana na lake. Swali la kwanza watu humuuliza ni kama amesajili, naye hujibu ndio nimesajili, kisha anatuma picha ya cheti cha jina la biashara alichotoa eCitizen. Hapa ndipo pa kuanzia kabisa. Kile cheti kinasema tu kwamba fulani anafanya biashara kwa jina fulani, ili benki na kaunti na watu wa kodi wajue ni nani. Hakikupi haki ya kumzuia mtu mwengine kulitumia jina hilo kwenye bidhaa zake. Haki hiyo inatoka ofisi nyengine kabisa, KIPI, ile taasisi ya haki miliki za viwandani iliyoko Popo Road, South C, Nairobi, na inaitwa alama ya biashara, au kama tunavyosema wengi, tredimaki. Unaweza ukawa na cheti cha eCitizen miaka kumi, halafu mtu akasajili jina hilo hilo KIPI na mkaanza vuta nikuvute ambayo ingekuwa nyepesi sana kwako kama ungetangulia.

Sijasema kwamba asiyesajili hana haki hata kidogo. Sheria inamruhusu kumshtaki mtu anayeuza bidhaa zake kana kwamba ni za huyo mwenye jina, lakini lazima athibitishe mwenyewe kwamba jina lake lilikuwa linajulikana kwa wateja, kwamba wateja wamechanganywa, na kwamba amepata hasara. Kuyathibitisha mambo hayo matatu mahakamani ni mzigo na loya halipwi kwa maji. Mwenye cheti cha tredimaki anaonyesha cheti, na kazi inayobaki ni kulinganisha alama mbili na bidhaa mbili.

Sasa tuje kwenye jina lenyewe, kwa sababu wengi wetu tunafeli hapa hata kabla fomu haijajazwa. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kule kwao isajiliwe neno KIKOY kama tredimaki yake. Ndio, kikoi, hiki hiki wanachovaa wazee wetu. Huku habari zilipofika watu waliwaka, na walikuwa na haki, kwa sababu wangefanikiwa, mfumaji wa Kenya akipeleka vikoi vyake Uingereza na kuviita vikoi angeweza kuambiwa anavunja haki ya mtu. Shirika la biashara ya haki la kule kule, Traidcraft, likasaidia kuweka pingamizi pamoja na mawakili, na mwisho ombi lile likaanguka. Hoja ya pingamizi lile ilikuwa nyepesi tu: neno ambalo ndilo jina la kitu chenyewe haliwezi kuwa mali ya muuzaji mmoja, kwa sababu wauzaji wengine wataiita nini bidhaa yao?

Watu wengi waliifurahia habari ile wakaishia hapo, lakini hoja iliyotumika kututetea kule ndiyo inayotubana sisi hapa. Kama Mwingereza hawezi kumiliki neno kikoi, na wewe wa Majengo au Old Town pia huwezi. Wala leso, wala kanzu, wala kiondo. Na majina ya mahali ni hivyo hivyo, ukiita brandi yako Lamu au Mombasa au Pwani, afisa wa KIPI atakuuliza mbona unataka kuwafungia wenzako wote wa huko jina la kwao. Sifa za bidhaa pia, kama Bora au Safi au Imara, hazina nguvu. Ukitembea mjini ukasoma mabango utaona karibu kila duka limeunganisha maneno haya haya, Mombasa Kikoi hiki, Lamu Leso kile, na mwenye duka anaamini jina ni lake peke yake.

Nichukue mfano, nitumie jina la kubuni. Tuseme brandi yako inaitwa Mkadi, na kwenye logo umeandika Mkadi Kikoi Mombasa na ua la mkadi pembeni. Neno Mkadi kwa mikoba ni jina zuri la kusajili, kwa sababu mkadi ni ua, halielezi mkoba wala kitambaa. (Ungekuwa unauza marashi au maua ya kuvaa kichwani hapo mambo yangekuwa magumu.) KIPI wakikubali logo hiyo, wanaweza kukutaka ukubali kwa maandishi kwamba hudai haki juu ya neno Kikoi na neno Mombasa yakisimama peke yake. Usibishane nao, ni sawa. Maana yake ni kwamba akija mtu na Mkaddi Bags au Mkadi Collection anauza mikoba, unaye. Akija mtu na Mombasa Kikoi Bags, huna lako, hata kama logo yake ina rangi kama zako na imekukera vipi.

Na kama pesa inatosha ombi moja tu, mimi ningesajili neno lenyewe kwa herufi za kawaida bila mapambo, kabla ya logo. Logo hubadilika, leo duara kesho mraba, lakini neno ukishalisajili linakulinda kwa mwandiko wowote. Aliyesajili logo peke yake, mwizi akichukua neno akaliandika kwa mwandiko mwengine na bila ua, ubishi unaanza.

Kabla hujapeleka ombi omba upekuzi, fomu yake ni TM 27, KIPI wanakuangalizia kwenye rejista kama kuna jina linalofanana. Siyo lile lile tu, linalofanana, kwa macho na kwa masikio, ndio maana hata wewe ukitafuta usitafute kwa tahajia moja. Jina likiwa wazi unajaza TM 2, na pale utaulizwa klasi. Bidhaa na huduma zote duniani zimegawanywa kwenye klasi 45 na unalipia kila klasi unayoomba, kwa hiyo ukijaza zote utafilisika na ukikosea umesajili hewa. Kwa sisi zinazotuhusu ni chache: mikoba iko klasi ya 18, vitambaa kama vitambaa viko 24, nguo za kuvaa ziko 25, na duka lenyewe linalouza bidhaa za watu wengine liko 35. Anayeshona mikoba tu na hana mpango wa magauni achukue 18 aanze maisha. Ila ukichukua klasi itumie, kwa sababu jina lisilotumika kwa bidhaa hizo miaka 5 mfululizo mtu anaweza kuomba lifutwe.

Afisa akilipitisha ombi, halijawa lako bado. Linatangazwa kwenye jarida la KIPI ambalo linatoka kila mwezi, halafu kuna siku 60 za mtu yeyote kupinga. Lisipopingwa, unapewa cheti cha miaka 10 kinachohesabiwa tangu siku uliyopeleka ombi, na unaendelea kukihuisha kila baada ya miaka 10 hata milele. Kwa hiyo siku ya kupeleka fomu ndiyo siku muhimu, siyo siku ya cheti. Na hapo katikati usiweke ile R ya kwenye duara kwenye lebo zako, kusema alama imesajiliwa na bado haijasajiliwa ni kosa la jinai.

Hilo jarida ndilo nataka mlipe uzito, manake naona hata watu wenye vyeti hawalisomi. KIPI watajaribu kuzuia jina linalofanana na lako lakini afisa ni binadamu, kwake Mkadi na Mukadi Safi zaweza kuonekana mbali mbali. Hakuna atakayekupigia simu kukwambia kuna mtu ameomba jina kama lako. Jarida liko kwenye tovuti yao, unashusha, unakwenda moja kwa moja kwenye klasi yako, unapitisha macho. Kupinga jina ndani ya zile siku 60 ni kazi ndogo ukilinganisha na kuomba lifutwe likishasajiliwa na mwenyewe ameshafungua maduka matatu.

Sasa dizaini, na hapa saa inakimbia vingine kabisa. Jina linaweza kukusubiri. Umelitumia miaka mitano bila kulisajili, kama hakuna aliyekutangulia unaweza kwenda leo na litapokelewa, tena kule kutumika kwake kunakusaidia. Dizaini haikusubiri. Ili dizaini ya kiviwanda isajiliwe lazima iwe mpya, na mpya maana yake haijawahi kuonekana hadharani, popote duniani siyo Kenya tu.

Rafiki yangu mmoja alibuni mkoba ambao kwa kweli ulikuwa wake. Kitako cha mviringo cha makuti yaliyosukwa, ubavuni kikoi kimezungushwa mishazari ili mistari ipande kama ngazi, na mkono wa mti umepitishwa ndani ya mkunjo wa kitambaa badala ya kushonewa. Akaupeleka kwenye maonyesho Nairobi, akaupiga picha nzuri akaziweka Instagram, ukapendwa, akauuza karibu miaka miwili. Halafu ikaja kopi. Mishazari ile ile, mkono ule ule, ila kitako ni cha plastiki na bei ni nusu. Alipotaka kusajili dizaini ili amkamate yule mtu, kizuizi kikawa zile picha zake mwenyewe za Instagram, zina tarehe, ziko wazi kwa dunia nzima, zinaonyesha kwamba dizaini ilishajulikana zamani. Sheria za nchi zinatofautiana, kuna zinazompa mbunifu muda wa neema baada ya kuionyesha na kuna zinazombana, lakini miaka miwili huo siyo muda wa kuombea neema popote.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: sampuli ikishakamilika na umeamua hii ndiyo utaiuza, piga picha au chora kila upande, mbele, nyuma, ubavu, juu, chini, peleka KIPI, halafu ndio uiweke mtandaoni. Zile picha ndizo mipaka ya haki yako, haulindwi kwa maelezo unalindwa kwa kinachoonekana, kwa hiyo usipige picha ya mkoba umebebwa na mtu ufukweni, weka mkoba peke yake na nyuma peupe. Ukisajiliwa unapata miaka 5, unaweza kuongeza 5 mara mbili, jumla 15 basi, baada ya hapo dizaini ni ya watu wote.

Na kinacholindwa ni sura, siyo kazi. Ule mkono uliopitishwa kwenye mkunjo, kama sababu yake ni kwamba unachomoka ili mkoba ufuliwe, hiyo ni kazi, na usajili wa dizaini haushiki mambo ya kazi. Ile mishazari inayopanda ndiyo sura. Mistari ya kikoi ya kawaida nayo haikuwa mpya kwake, ni ya wazee, alichobuni yeye ni mpangilio. Mtu akitengeneza mkoba wa makuti na kikoi lakini mistari imelala kawaida na umbo ni la mraba, huyo hajaiba kitu, amefanya mkoba wa makuti na kikoi kama tunavyofanya sote.

Je kusajili kila dizaini kunalipa? Kwa leso hapana, ndio msimamo wangu. Mchoro wa leso unaweza kuuzika msimu mmoja ukaisha, ukisajili kila mmoja pesa yote itaishia kwenye fomu. Hapo nategemea hakimiliki, ambayo inamlinda mchoraji tangu anapomaliza kuchora, bila fomu yoyote, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Unaweza pia kuiorodhesha kwa KECOBO, wale watu wa hakimiliki, na wanakupa cheti ambacho kinasaidia sana kama ushahidi. Basi mbona tusitumie hakimiliki kwa kila kitu? Kwa sababu kwenye hakimiliki lazima uonyeshe kwamba yule mtu alikukopi. Akithibitisha alichora mwenyewe bila kuona yako, ameponyoka. Kwenye dizaini iliyosajiliwa hata akiapa hajawahi kukuona maishani, akiuza kinachofanana na picha zako amevunja haki yako. Ndio maana nasema mchoro wa msimu uachie hakimiliki, lakini umbo ambalo ndilo linakulisha, lile watu wanaingia dukani wakiliulizia, hilo lisajili.

Ila hakimiliki bila tarehe ni maneno. Weka michoro ya mwanzo, ile ya penseli yenye makosa, weka faili za kompyuta, weka meseji ulizomtumia mchapishaji. Mwizi huwa na mchoro wa mwisho tu, hana njia aliyopitia kuufikia. Na kama mchoro umechorewa na kijana uliyemlipa, sheria ya Kenya kwa kawaida inampa haki aliyeagiza kazi, lakini wewe na yeye mnaweza kukubaliana vingine, kwa hiyo karatasi moja yenye sahihi zenu inaondoa ugomvi. Kiwanda cha kuchapisha nacho, hasa kama ni nje ya nchi, kisipelekewe faili bila maandishi ya kwamba hakitauza mchoro huo kwa mwengine. Kopi nyingi za leso hazianzi dukani, zinaanza kwa aliyepewa faili.

Kuna jambo la mipaka pia, naligusa kwa kifupi kwa vile wengi wetu tunauza Zanzibar na Dar. Cheti cha KIPI kinaishia mpakani. Tanzania bara unasajili BRELA, kule alama inapewa miaka 7 kwanza halafu 10 kila ukihuisha, na Zanzibar ni ofisi nyengine na sheria nyengine, BPRA, kwa hiyo mwenye cheti cha BRELA hajalindwa Darajani. Kwa alama na kwa dizaini, ukishaomba Kenya una miezi 6 ya kuomba nchi nyengine za mkataba wa Paris na bado ukahesabiwa tarehe yako ya kwanza. Ikipita hiyo miezi, kwa jina bado una nafasi kama hakuna aliyekutangulia, kwa dizaini ambayo ushaitangaza mlango mara nyingi umefungwa.

Ukishamgundua aliyekukopi, tafadhali usianze kwa kumtukana Facebook. Anachofanya akiona ile posti ni kuondoa mzigo dukani, na wewe ushahidi umekwenda, tena ukimwita mwizi na baadaye ikaonekana kilichofanana ni neno kikoi tu, wewe ndiye unashtakiwa. Nenda ukanunue, au mtume mtu akununulie, kipande kimoja, uchukue risiti yenye jina la duka na tarehe, au kama ni M-Pesa uweke ile meseji. Piga picha ya bidhaa ikiwa kwenye rafu yake. Kaa na mkoba wake na mkoba wako ubavu kwa ubavu, pamoja na cheti, uandike kinachofanana ni nini hasa, jina au sura. Kama ni jina, uliza ni klasi yako? Kama ni sura, ni ile iliyo kwenye picha zako za usajili au ni kitu ulichoongeza baadaye?

Majibu yakisimama, loya anaandika barua ya kumtaka aache na atoe hesabu ya aliyouza, na wauzaji wadogo wengi huishia hapo, wengine hawakujua hata kwamba mzigo walionunua jumla ni kopi, waulize tu waliutoa wapi watakwambia. Kama mzigo ni mkubwa au umeingia kwa kontena, unapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, ACA, wana ofisi Mombasa, na wakaguzi wao wana uwezo wa kuingia godauni na kukamata mali. Watakuomba vitu viwili kabla ya yote, cheti na sampuli ya kila upande, yako halisi na ile ya bandia, kwa hiyo kile kipande ulichonunua usikifue wala usikitoe lebo, kitie kwenye mfuko na risiti yake ukiweke.